Alama ya kufuli kwenye kivinjari haithibitishi uaminifu wa tovuti

KATIKA mtaa wa Baba Dogo, eneobunge la Ruaraka jijini Nairobi, anayetafuta kazi katika viwanda vilivyo kando ya barabara ya Baba Dogo mara nyingi hutakiwa kuleta cheti cha tabia njema. Cheti hicho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI), na ombi lake hufanywa kupitia jukwaa la serikali la eCitizen kwa ada ya Sh1,050. Wakazi wasio na kompyuta nyumbani hutuma ombi hilo kwa simu ya mkononi au katika saiba za mtaani. Kabla ya kuandika namba ya kitambulisho na neno la siri, kila mmoja wao anakabiliwa na swali lile lile: atajuaje kwamba ukurasa ulio mbele yake ni wa serikali kweli?

Jibu ambalo umma umefundishwa kwa miaka mingi ni fupi: tazama kufuli. Benki, waajiri na walimu wa kompyuta walirudia nasaha hiyo hadi ikawa kama kanuni. Kufuli dogo likionekana kando ya anwani, tovuti ni salama, lisipoonekana, ondoka. Nusu ya pili ya kanuni hiyo bado ina maana. Nusu ya kwanza imekuwa mtego, na matapeli wanaujua vyema.

Kufuli linasema nini

Kufuli hutoa habari mbili tu. Ya kwanza ni kwamba mazungumzo kati ya kifaa cha mtumiaji na tovuti yamesimbwa, yaani yamegeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka njiani. Mtu aliyeunganishwa kwenye waifai ile ile ya saiba, au hata kampuni inayouza intaneti, hawezi kusoma neno la siri linalopita wala kubadilisha kilichoandikwa. Habari ya pili ni kwamba tovuti inayojibu ina cheti cha dijitali kinacholingana na jina lililoandikwa katika upau wa anwani.

Hakuna habari ya tatu. Kufuli halisemi mwenye tovuti ni nani, halisemi kama amesajili biashara popote, wala kama ana nia ya kutoa huduma anayoitangaza. Ni kama barua iliyofungwa vizuri katika bahasha na kupelekwa hadi kwenye sanduku la posta ambalo namba yake imeandikwa juu. Posta imefanya kazi yake kikamilifu. Lakini ikiwa namba iliyoandikwa ni ya sanduku la tapeli, barua itamfikia tapeli huyo ikiwa imefungwa barabara, bila mtu mwingine yeyote kuisoma njiani.

Kufuli, kwa ufupi, hulinda njia. Halimchunguzi anayengoja mwisho wa njia.

Cheti hupatikanaje

Ili kuelewa kwa nini hali ni hiyo, ni lazima kufahamu jinsi cheti cha dijitali kinavyotolewa. Zipo asasi zinazoaminiwa na watengenezaji wa vivinjari kutoa vyeti hivyo. Mojawapo ya zile kubwa zaidi ulimwenguni ni Let's Encrypt, asasi isiyo ya kibiashara iliyofungulia umma huduma yake mwezi Desemba 2015, na ambayo hutoa vyeti bila malipo.

Mwombaji hujisajilia kwanza jina la tovuti, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kufanya kwa gharama ndogo. Kisha programu iliyo kwenye seva yake huomba cheti cha jina hilo. Asasi humjibu kwa kumpa msimbo, na kumtaka auweke mahali maalumu ndani ya tovuti hiyo. Mahali penyewe ni hapa:

```
/.well-known/acme-challenge/
```

Kompyuta ya asasi hutembelea mahali hapo, na ikiukuta msimbo, hutoa cheti. Shughuli nzima huendeshwa na mashine na humalizika kwa muda mfupi sana. Cheti hudumu siku 90 au pungufu, kisha programu hukifanya upya yenyewe.

Hakuna binadamu aliyemwuliza mwombaji jina lake. Hakuna kitambulisho kilichotolewa, wala cheti cha kampuni, wala namba ya ushuru. Kilichothibitishwa ni kitu kimoja tu: kwamba anayeomba cheti ndiye anayeidhibiti tovuti yenye jina hilo. Tapeli aliyejisajilia jina lake mwenyewe huufaulu mtihani huo kihalali, kwa kuwa jina hilo ni lake kweli.

Mtumiaji wa Chrome kwenye kompyuta anaweza kuliona hilo kwa macho yake. Akibofya alama iliyo kando ya anwani na kufungua maelezo ya cheti, atakuta sehemu inayotaja shirika lililopewa cheti. Kwa tovuti nyingi, mahali pa jina la shirika pameandikwa `<Not Part Of Certificate>`, yaani habari hiyo haimo katika cheti. Jambo hilo peke yake si dalili ya utapeli, kwa sababu tovuti nyingi halali nazo zina vyeti vya namna hiyo hiyo. Linaonyesha tu kwamba kufuli halikukusudiwa kujibu swali la nani.

Mfano wa ukurasa bandia

Chukulia mfano wa kijana wa Baba Dogo anayepokea ujumbe wa WhatsApp unaoahidi cheti cha tabia njema kwa haraka. Anwani halisi ya huduma hiyo ni `dci.ecitizen.go.ke`. Kiungo kilicho katika ujumbe ni hiki:

```
https://dci.ecitizen.go.ke.huduma-haraka.example/
```

Kiambishi `.example` kimetengwa na wasimamizi wa intaneti kwa ajili ya mifano, na hakuna awezaye kukinunua. Katika utapeli wa kweli mahali pake pangekuwa na `.com` au kiambishi kingine cha kawaida. Msomaji anayeanza kushoto, kama tunavyosoma maandishi yote, hukutana kwanza na maneno anayoyafahamu: DCI, eCitizen, go, ke. Jicho hutulia hapo. Lakini umiliki wa jina la tovuti husomwa kutoka kulia. Kinachomilikiwa hapa ni `huduma-haraka.example`, na maneno yote yaliyo kushoto kwake yamebandikwa na mwenye jina hilo kwa hiari yake. Hahitaji ruhusa ya serikali ya Kenya, kama vile mwenye nyumba asivyohitaji ruhusa kukiita chumba chake kimoja Ikulu. Na kwa kuwa jina ni lake, atapata cheti cha anwani hiyo yote, na kufuli litajitokeza bila dosari.

Kijana anafungua kiungo. Rangi na nembo ya serikali zimenakiliwa. Anaandika namba ya kitambulisho na neno lake la siri, ambavyo vinasafiri vikiwa vimesimbwa hadi kwa tapeli. Wakati huo huo tapeli anaviandika katika eCitizen halisi. Jukwaa likituma msimbo wa kuthibitisha kwa simu ya kijana, ukurasa bandia unamwomba auandike pia, naye anautoa. Mwishowe anatakiwa kutuma Sh1,050 kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Anapata kitu kinachofanana na risiti, na ukurasa unamshukuru.

Hasara huenda isijulikane siku hiyo. Itajitokeza atakapofika kituo cha Huduma kuchukuliwa alama za vidole, na ofisa akakosa kuona ombi lake wala malipo yake. Kwa kibarua, Sh1,050 ni pesa nyingi. Hata hivyo kilichopotea ni zaidi ya pesa. Mwezi Juni 2023 Rais William Ruto alizindua rasmi huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilizowekwa katika jukwaa hilo moja. Aliyeshika ufunguo wa akaunti ya mtu ameshika mlango wa sehemu kubwa ya shughuli zake na serikali.

Katika mkasa huo wote hakuna aliyevunja kufuli. Kufuli lilifanya kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, na kama kulikuwa na mwizi mwingine anayechungulia waifai ya jirani, hakuona kitu.

Jinsi nasaha ilivyopitwa na wakati

Walioanza kusema "tazama kufuli" hawakuwa wajinga. Katika miaka ya 1990, biashara ya mtandaoni ilipoanza, cheti kilikuwa bidhaa ya kununua, na waliotoa vyeti waliwataka wanunuzi nyaraka za kampuni. Tapeli angeweza kupata cheti, ila gharama na maswali vilimkatisha tamaa. Kufuli lilikuwa haba, na uhaba wake ndio uliolipa heshima.

Mambo yalibadilika pale ilipokubalika kwamba mawasiliano yote ya intaneti yanastahili kulindwa, si yale ya benki pekee. Vyeti vya bure vikaja mwaka 2015. Mwezi Julai 2018 Chrome ilianza kuziandikia `Not secure` tovuti zote zisizosimba mawasiliano, na wenye tovuti wakakimbilia vyeti. Yalikuwa maendeleo makubwa kwa faragha ya watu. Lakini kitu kinachopatikana kila mahali hakiwezi tena kumtofautisha mwema na mwovu.

Takwimu za kundi la kimataifa la APWG, linalofuatilia tovuti za kulaghai, zinaeleza yaliyofuata. Kufikia robo ya mwisho ya mwaka 2019, takriban asilimia 74 ya tovuti hizo zilikuwa na kufuli. Katika robo ya kwanza ya 2021 kiwango kilifikia asilimia 83. Mwezi Juni 2019 shirika la FBI la Marekani lilikuwa limeutahadharisha umma usiiamini tovuti kwa sababu tu ina kufuli.

Yalifanyika majaribio ya kurekebisha kasoro hiyo kwa vyeti vya ngazi ya juu, ambavyo hutolewa baada ya kampuni kuchunguzwa, na ambavyo vilifanya jina la kampuni lionekane kwenye upau wa anwani. Mwezi Desemba 2017 mtafiti Ian Carroll alionyesha udhaifu wake. Alisajili katika jimbo la Kentucky kampuni iitwayo Stripe, Inc, jina lile lile la kampuni mashuhuri ya malipo iliyosajiliwa Delaware, kisha akapewa cheti cha ngazi ya juu chenye jina hilo. Hakudanganya popote, kwani kampuni yake ilikuwepo kisheria. Mwaka 2019 Chrome na Firefox ziliacha kuonyesha jina la kampuni mahali hapo.

Hatua ya mwisho ilitoka kwa wenyewe waliolieneza kufuli. Mwezi Mei 2023 Google ilitangaza kwamba Chrome ingeliondoa. Ilieleza kuwa katika utafiti wake wa 2021, asilimia 11 tu ya washiriki ndio waliofahamu barabara maana ya alama hiyo. Tangu toleo la 117 la Septemba 2023, mahali pa kufuli kwenye kompyuta pamewekwa alama ya vitufe vya kurekebishia mipangilio, alama isiyoahidi chochote. Vivinjari vingine vimeendelea kuonyesha kufuli, na nasaha ya zamani ingali inazunguka.

Wapo wanaouliza kwa nini asasi zinazotoa vyeti zisiwachuje matapeli. Let's Encrypt ilijibu hoja hiyo mwaka 2015: mtoa cheti huthibitisha jina, naye haoni yaliyomo ndani ya tovuti, ambayo yanaweza kubadilishwa saa moja baada ya cheti kutolewa. Hoja hiyo ina uzito. Maana yake kwa mtumiaji ni kwamba kazi ya kumtambua mwenye tovuti imebaki mikononi mwake.

Kinachoweza kuaminiwa

Cha kwanza ni jina lenyewe. Msomaji atafute mkwaju wa kwanza baada ya `https://`, kisha asome kuelekea kushoto kuanzia hapo. Chochote kilicho kulia kwa mkwaju huo ni ukurasa wa ndani tu, hata kama kimeandikwa `ecitizen.go.ke`. Nchini Kenya majina ya `.ke` husimamiwa na KeNIC, na kiambishi `.go.ke` hupewa asasi za serikali pekee. Kwa hivyo anwani inayoishia hapo inatoa hakikisho ambalo kufuli haliwezi kulitoa. Kiambishi `.co.ke`, kinyume chake, kiko wazi kwa yeyote anayetaka kukilipia.

Hapa ndipo serikali yenyewe inapowavuruga wananchi. Tume ya uchaguzi, IEBC, kwa miaka mingi imejulikana kwa anwani ya `iebc.or.ke`. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu imetumia `helb.co.ke`. Wanafunzi wanaochagua kozi za vyuo wameelekezwa na KUCCPS kwenye `students.kuccps.net`. Zote ni asasi za umma, na anwani hizo zilikuwa zao kweli. Matokeo ni kwamba mwananchi hawezi kuambiwa kwa mkato kwamba kisicho cha `.go.ke` ni bandia. Aliyezoeshwa kuiamini anwani ya `.net` katika jambo linalohusu masomo ya mwanawe hatashangaa akikutana na nyingine kama hiyo kesho.

Cha pili ni njia ya kufika. Anayeandika anwani mwenyewe, au kuifungua kutoka alama aliyoihifadhi, hawezi kupotoshwa na kiungo cha WhatsApp. Vilevile simu iliyohifadhi neno la siri hulijaza pale tu jina la tovuti linapolingana herufi kwa herufi na lile la awali. Ikiwa ilizoea kulijaza na leo imekataa, hiyo ni sababu ya kusimama na kuisoma anwani upya. Simu haidanganywi na nembo.

Cha tatu ni mahali pesa zinapokwenda. Malipo ya M-Pesa hupitia mtandao wa simu, si ukurasa wenye kufuli, na kwa hiyo kufuli halina la kusema juu yake. Tangu 2023 serikali imeelekeza malipo ya huduma zake yapitie namba ya 222222. Ukurasa unaotaka ada ya serikali itumwe kwa namba ya mtu binafsi umejifichua. Nao unaotaka namba ya siri ya M-Pesa iandikwe ndani yake umejifichua zaidi, kwa sababu namba hiyo huandikwa kwenye menyu ya simu au programu ya M-Pesa yenyewe, kamwe si kwenye tovuti.

Hatua hizo pia zina mipaka yake. Jina sahihi halizuii tovuti halali kuvamiwa. Mwezi Januari 2012 mdukuzi kutoka Indonesia alichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mpigo, na mwezi Novemba 2025 tovuti za wizara kadhaa zilivamiwa tena. Tovuti ikivamiwa, cheti chake hubaki halali na kufuli hubaki palepale. Aidha, njia ina ncha mbili. Katika saiba, kompyuta yenye programu ya kunasa kila herufi inayobonyezwa hulichukua neno la siri kabla halijasimbwa. Hata pasipo programu hiyo, kivinjari kilichohifadhi neno la siri la mteja wa asubuhi kitamfungulia mteja wa jioni. Ndiyo maana kutoka katika akaunti kabla ya kuinuka kitini, na kukataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi neno la siri, kuna faida kubwa kuliko kutazama alama yoyote.

Kutokuwepo kwa ulinzi kungali onyo la kweli. Tovuti iliyoandikiwa `Not secure` haifai kupewa neno la siri hata kama ni ya mtu mwaminifu, kwa sababu njia yake iko wazi. Kosa ni kuligeuza onyo hilo na kudhani kwamba njia iliyofungwa humfanya aliye mwisho wake kuwa mwadilifu.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 30, iliweka faini isiyozidi Sh300,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayeunda tovuti ya kulaghai watu watoe habari zao. Lakini sheria humwadhibu aliyekamatwa, na tovuti ya namna hiyo inaweza kufungwa na kufunguliwa upya kwa jina jingine kabla ya mlalamishi kufika kituoni. Kinga ya haraka iko katika uwezo wa asasi za umma zenyewe: kuhamishia huduma zote chini ya `.go.ke`, na kubandika anwani kamili pamoja na namba ya malipo katika kila kituo cha Huduma, kila afisi ya chifu na kila saiba itakayokubali. Mistari hiyo miwili ya maandishi ingemsaidia mtafuta kazi wa Baba Dogo kuliko kufuli ambalo tapeli hulipata bure.